Moyo kupiga mara 110 umekaa kitini: je, ni sawa?

Ndugu wafanya kazi, na ninyi mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, mwezi huu tunajibu ulizo moja ambalo linatufikia karibu kila juma kwenye dispanseri. Zamani mapigo ya moyo yalihesabiwa na munganga peke yake. Siku hizi jamaa nyingi za kambi zina kimashine cha kupima tansio nyumbani, au kile kidogo cha kubana kidole ambacho watu wengi walikijua wakati wa ugonjwa wa kovidi mwaka 2020. Mtu anajipima, anaona 110, anaogopa. Mwingine anaona 110, anasema mashine imeharibika, anaenda kulala. Wote wawili wanaweza kukosea. Tumekusanya maulizo yenu na kuyajibu moja moja.

ULIZO. Nimekaa kitini, sifanyi kazi yoyote, na moyo unapiga mara 110 kwa dakika moja. Je, inaweza kuwa ni sawa?

JIBU. Kwa mtu mzima aliyekwisha kupumzika, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wengi wenye afya wako kati ya 60 na 85. Kwa hiyo 110 imepita mpaka. Lakini kupita mpaka si ugonjwa kwa yenyewe. Ni habari kwamba kuna kitu mwilini kinachoudai moyo ufanye kazi zaidi. Mara kitu hicho ni cha kupita, kama kazi uliyomaliza sasa hivi, joto, hofu, homa au kahawa. Mara kingine ni damu inayopotea, na wewe hujui.

Fikiri pompi inayotoa maji chini ya shimo. Kila ikisukuma mara moja, inapandisha kiasi fulani cha maji. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika, kila pigo, unasukuma damu kama mililita 70. Ukipiga mara 70 kwa dakika, 70 mara 70 ni mililita 4.900, yaani karibu litre 5. Mwili unahitaji hizo litre 5. Sasa tuseme damu imepunguka ndani ya mishipa, na kila pigo linapata mililita 45 tu za kusukuma. Moyo utafanya nini? Utapiga haraka zaidi. 45 mara 110 ni mililita 4.950. Umeona? Hesabu imerudi palepale, mwili unapata litre zake 5, na mwenyewe bado anatembea na kucheka na wenzake. Hapo ndipo 110 inaweza kuficha jambo kubwa.

ULIZO. Nitajuaje kwamba nimehesabu vizuri?

JIBU. Kaa kitini, mgongo ukiegemea, miguu chini, na utulie dakika 10 nzima bila kusema sana. Nusu saa kabla ya hapo usivute sigara wala kunywa kahawa. Kisha weka vidole viwili au vitatu ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, chini kidogo ya mkunjo. Usitumie kidole gumba chenyewe, maana kina mapigo yake na kitakudanganya. Tazama saa ya simu, hesabu nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Kama mapigo hayaendi sawasawa, leo moja, kisha mawili ya haraka, kisha kimya, hesabu dakika nzima, na umweleze munganga jambo hilo. Mapigo yasiyo na mpango ni habari nyingine, hata kama ni 80 tu.

Wenye mashine, angalieni mnasoma namba gani. Kile cha kidole kinaonyesha namba mbili. Moja ni ya hewa safi ndani ya damu, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ni 95 na zaidi, wala haiwezi kupita 100. Ya pili ndiyo ya moyo. Mama mmoja alikuja akikimbia kwa sababu moyo wa mume wake “umepanda hadi 98”. Ilikuwa ni hewa, tena nzuri sana. Kwenye mashine ya tansio, mapigo ya moyo ndiyo namba ya chini kabisa, ya tatu. Na vidole vya baridi, au kucha zenye rangi, vinaweza kukiharibia kimashine cha kidole hesabu yake. Mashine ikikutisha, hakikisha kwa vidole vyako mwenyewe.

ULIZO. Nimetoka chini ya shimo sasa hivi, nimekaa, na ninapata 110. Niende dispanseri?

JIBU. Bado. Hiyo ni 110 ya kazi, na inajulikana vizuri. Mtu akifanya kazi ngumu mahali pa joto, moyo unasukuma damu kwenye misuli, tena unaisukuma kwenye ngozi ili joto litoke. Akikaa, haushuki mara moja.

Kuna munganga mmoja, Lucien Brouha, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi huko Amerika, ambaye aliwapima wafanya kazi wa viwanda vya joto akitumia jambo hilo hilo: si namba wakati wa kazi, bali jinsi moyo unavyoshuka mtu akikaa. Kutoka katika kazi ya namna hiyo ilipatikana kanuni ambayo hata leo wanaosimamia kazi za joto wanaitumia. Mara mtu anapokaa kupumzika, ahesabiwe nusu dakika. Ikiwa moyo umepita 110, kipindi cha kazi kinachofuata kifupishwe kwa theluthi moja, na mapumziko yabaki vilevile. Kama alikuwa anafanya dakika 60 kabla ya kupumzika, sasa afanye 40. Akikaa tena na bado amepita 110, fupisha tena, iwe kama 27. Kapita anayejua kanuni hii hahitaji mashine yoyote, ni saa na vidole tu.

Tena uhesabu baada ya dakika 3. Moyo wa mtu ambaye kazi haikumzidi utakuwa umeshuka kwa mapigo 10 au zaidi, na kukaribia 90. Ukikuta 110 dakika ya kwanza na 108 dakika ya tatu, mtu huyo amechoka kupita kiasi, au amekauka maji, au ameleta ugonjwa kutoka nyumbani.

Vua koti na kofia, kaa kivulini, kunywa maji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa hadi saa moja, mtu mwenye afya anapaswa kuwa amerudi chini ya 100. Kama saa moja imepita, umekunywa maji, umekojoa mkojo mweupe, na bado ni 110, hapo usiseme tena ni kazi. Njoo. Na kama mwenzenu wa mahali pa joto ameanza kusema maneno yasiyo na maana, au anatembea kama mlevi, msikae kuhesabu: mpelekeni kwenye hewa, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima na mwite gari ya wagonjwa. Joto limeingia kichwani na linaweza kumwua saa hiyo hiyo.

ULIZO. Mtoto wangu wa miaka miwili ana 110 akiwa amekaa mapajani pangu. Na mimi mwenyewe nina mimba ya miezi saba, mara nyingine ninapata 105.

JIBU. Mama, kwa mtoto wako 110 ni namba nzuri. Moyo wake ni mdogo, kila pigo linasukuma damu kidogo, ni lazima upige mara nyingi. Mtoto aliyezaliwa juzi anaweza kufika 150 akiwa macho na hana ugonjwa wowote. Moyo unapunguza mwendo jinsi mtoto anavyokua, na kijana wa miaka 14 au 15 tunamhesabu kama mtu mzima.

Kwa mimba, damu ya mama inaongezeka na moyo wake unapiga mara 10 hadi 20 zaidi kuliko zamani, hasa miezi ya mwisho. Kwa hiyo 95 au 100 haitushangazi, na wako akina mama wachache wenye afya kamili wanaofika 110. Lakini hatukubali kusema “ni mimba tu” kabla ya kupima hemoglobini, maana upungufu wa damu ni wa kawaida sana kwa mama wenye mimba mahali petu pa malaria, na unapandisha moyo vilevile. Tena kama moyo unapiga haraka na pumzi inakukatika hata ukilala, au mguu mmoja umevimba na kuuma, njoo leo, usingoje siku ya kupimwa mimba.

ULIZO. Na homa?

JIBU. Homa inapandisha moyo karibu mapigo 10 kwa kila digrii moja ya joto. Mtu ambaye siku zote ana 80, akiwa na digrii 39 au 40, atafika 105 au 110, na hesabu hiyo inaeleweka. Tunatibu malaria, au nimonia, au chochote kinacholeta homa, na moyo unashuka wenyewe. Tunachotazama ni pale hesabu isipolingana: homa ndogo ya 37,5 lakini moyo 130, au homa imekwisha tangu juzi na moyo haujashuka.

ULIZO. Watu wanasema kahawa, sigara na lutuku vinapandisha moyo. Ni kweli?

JIBU. Ni kweli. Pia vidonge vya salbutamoli vya pumu, dawa nyingi za mafua, na hofu. Asubuhi baada ya lutuku nyingi, moyo unaweza kubaki juu mpaka mchana, kwa sababu mwili umekauka na pombe inaondoka. Wapo pia wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambao wanakonda ingawa wanakula, mikono inawatetemeka, na moyo unapiga haraka hata usiku wakiwa usingizini. Hao tunawatambua kwa kipimo cha damu.

Hofu nayo tusiidharau, lakini tusiitumie kama kapu la kutupia kila kitu. Mtu mwenye hofu, ukimwacha akae kimya dakika 15, ukazungumza naye habari za watoto, moyo unashuka. Usiposhuka, si hofu.

ULIZO. Munganga alinipima tansio akasema ni nzuri. Basi kwa nini nijali mapigo?

JIBU. Hili ndilo ulizo tulilotaka kulijibu kwa urefu, kwa sababu ndipo hata sisi wa dispanseri tunapoweza kuteleza. Tutawaeleza habari ya ndugu mmoja. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, na jina lake tunaliacha.

Ni mtu wa miaka 41, anafanya kazi na mashine ya kutoboa mawe. Alifika siku ya kwanza ya juma, saa tatu ya asubuhi, kabla ya posti yake. Alisema, “Siumwi. Ni miguu tu inakuwa mizito nikipanda ngazi. Nipeni vitamini.” Tansio yake ilikuwa 126 juu ya 78, ambayo ni nzuri kwa umri wake. Joto digrii 36,7. Moyo 110.

Mwenzangu akasema amekuja mbio. Tulimwacha kwenye benchi dakika 15, tukahesabu tena kwa vidole: 108. Hakuwa amekunywa kahawa, havuti sigara. Hapo kulikuwa na wagonjwa wengine wengi wanaongoja, na ilikuwa rahisi kumpa vidonge vya vitamini na kumrudisha kazini, kwa kuwa tansio ilikuwa nzuri na yeye mwenyewe alitaka kwenda.

Tulifanya jambo moja dogo lisilo na gharama. Tulimlaza kitandani dakika 5, tukahesabu: 96. Tukamwambia asimame, tukamshika mkono, tukahesabu tena baada ya dakika moja: 130. Akasema, “Ninaona giza,” tukamkalisha haraka. Mtu mwenye damu ya kutosha akisimama, moyo wake unaongezeka kama mapigo 10 hadi 20, basi. Ukiongezeka 30 au zaidi, au mtu akaona kizunguzungu mpaka hawezi kusimama, mara nyingi mishipa yake haina kitu cha kutosha ndani: amepoteza maji mengi au amepoteza damu. Huyu alikuwa ameongeza 34.

Hakuhara, hakutapika, maji alikuwa anakunywa. Tulivuta kope la chini la jicho: ndani lilikuwa jeupe kama karatasi. Ndipo tukamwuliza ulizo ambalo watu wanaona haya kuuliza na kujibu: choo chako kikubwa kina rangi gani? Akacheka, kisha akasema tangu siku 4 kilikuwa cheusi, kinanata kama lami ya barabara, na harufu yake mbaya ilimshangaza mwenyewe. Alifikiri ni sombe.

Tukazidi kuuliza. Tangu majuma 3 mgongo ulikuwa unamwuma. Alinunua sokoni vidonge vya diklofenaki, anameza kimoja asubuhi na kimoja usiku, na siku za maumivu makali anaongeza ibuprofeni. Asubuhi anameza bila kula kitu, kwa sababu gari ya kazi inapita mapema. Na siku za kupumzika, lutuku kidogo.

Vidonge hivyo vinapunguza maumivu, lakini vinaondoa pia ule ute unaolinda ukuta wa tumbo. Kidonda kinafunguka, kinatoa damu polepole. Damu ikipita tumboni na kwenye matumbo, inapikwa na kuwa nyeusi. Hakuna maumivu makubwa mara nyingine, maana dawa yenyewe inatuliza maumivu ya kidonda inachokichimba. Ndiyo sababu ndugu huyu hakulalamika juu ya tumbo hata mara moja.

Sasa turudi kwenye tansio. Mtu mzima ana damu kama litre 5. Akipoteza nusu litre, hata litre moja polepole, mwili unabana mishipa na kuongeza mapigo, na tansio inabaki nzuri kwenye mashine. Tansio inaanguka tu wakati njia hizo mbili zimeshindwa, na hapo mtu yuko karibu kuanguka naye. Katika kupoteza damu, moyo unatoa habari mapema, tansio inatoa habari kwa kuchelewa. Kama tungemrudisha kazini siku ile, angeshuka chini ya shimo akiwa na damu inayoendelea kutoka, akashika mashine ya kutoboa mahali pa joto, na akaanguka mbali na lopitali.

ULIZO. Ikawaje?

JIBU. Hemoglobini yake pale dispanseri ilikuwa gramu 7,9. Mwanaume mwenye afya anapaswa kuwa na 13 au zaidi. Gari ya wagonjwa ilimpeleka lopitali amelala, bila kumpa chakula. Kesho yake asubuhi hemoglobini ilikuwa 6,6, ingawa hakupoteza damu nyingine nyingi usiku. Jambo hilo linawachanganya watu, wakafikiri walimharibu huko. Hemoglobini haiangalii damu ngapi umebaki nayo, inaangalia damu yako ni nzito au nyepesi. Mtu akipoteza damu, iliyobaki bado ni nzito ileile kwa saa za kwanza. Baadaye maji ya mwilini yanaingia mishipani kujaza nafasi, na ndipo namba inashuka. Kwa hiyo mtu aliyetoka damu leo anaweza kupimwa leo na kuambiwa damu ni ya kutosha. Mapigo yake hayangojei kesho.

Wadogo zake wawili walitoa damu, akawekewa mifuko 2. Waganga walipitisha mpira wenye kamera kinywani, wakaona kidonda mwanzoni mwa utumbo, wakakifunga. Alipewa omeprazoli, na kwa kuwa vijidudu vinavyoitwa Helikobakta vilionekana, alipewa pia dawa za kuviua. Diklofenaki ilikatazwa kabisa. Baada ya majuma 6 alikuja tena kukaa kwenye benchi lilelile. Moyo ulikuwa 78. Vidonge vya chuma alimeza miezi 3, na mgongo wake unatibiwa sasa kwa parasetamoli na mazoezi.

ULIZO. Mimi pia ninameza vidonge vya chuma na choo changu ni cheusi. Ninatoka damu?

JIBU. Si lazima. Chuma kinafanya choo kiwe cheusi au kijani kibichi sana, lakini kinakuwa kigumu cha kawaida, na harufu ni ileile ya siku zote. Choo cha damu ni laini, kinang'aa, kinanata kwenye shimo la choo hata ukimwaga maji, na harufu yake mama wa nyumba anaijua kutoka mlangoni. Sombe nyingi zinaleta rangi ya kijani, si lami. Ukiwa na mashaka, hesabu mapigo umelala, kisha umesimama, mtu mwingine akiwa karibu nawe asikuache uanguke. Ukishaona kizunguzungu umekaa tu, usijaribu kusimama. Kizunguzungu hicho kimekwisha kukujibu.

ULIZO. Jirani yangu ana vidonge vinavyopunguza mapigo ya moyo. Naweza kuomba viwili?

JIBU. Hapana, ndugu. Vidonge hivyo, propranololi, atenololi na vya jamaa yao, vinafaa kwa magonjwa fulani, na munganga ndiye anayejua. Kumbuka pompi yetu. Kama moyo unapiga 110 kwa sababu kila pigo linapata damu kidogo, ukiulazimisha kurudi 70, hesabu itakuwa 45 mara 70, yaani litre 3 na kidogo. Mwili hautatoshelezwa, nawe utaanguka. Tena vinaweza kumziba pumzi mtu wa pumu.

Na ninyi mnaovimeza kwa amri ya munganga kwa ajili ya tansio au moyo, mwelezeni kila mganga anayewapima. Kwenu ninyi moyo unaweza kubaki 80 hata mkipoteza damu nyingi, kwa sababu dawa inaufunga usikimbie. Wazee wengi wa kustaafu wako katika hali hiyo. Kwao tunatazama kope, choo na kizunguzungu kuliko namba.

ULIZO. Basi nikikuta 110 nyumbani, nifanye nini saa ileile?

JIBU. Kama una maumivu ya kifua, au pumzi inakatika, au umezimia, au jasho la baridi, au choo cha lami, au unatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, usihesabu mara ya pili. Uende lopitali, mtu akusindikize, na usiende kwa baiskeli. Vilevile moyo ukiruka ghafula hadi 150 au zaidi na kubaki hapo, kana kwamba mtu amewasha mashine kifuani.

Kama huna hata moja ya hayo, kaa dakika 15, kunywa maji, pima joto la mwili, kisha hesabu tena. Ikishuka chini ya 100, andika na upime kesho asubuhi kabla ya kuondoka kitandani na kabla ya chai. Ikibaki juu ya 100 mara tatu katika siku mbili, bila homa na bila kazi, njoo dispanseri kabla ya posti yako, si baada yake. Ulete karatasi yenye saa na namba ulizohesabu, na ulete pia vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya sokoni visivyo na boksi, hata vile ulivyopewa na shemeji. Hatuna nia ya kumgombeza mtu. Katika habari tuliyoeleza, ni kile kipande cha karatasi ya fedha, ambacho mke wake alikipata ndani ya mfuko wa koti la kazi na kukileta lopitali, kilichowaambia waganga jina kamili la dawa.